Kesho Unaandika Maelezo Polisi

 

Leo nina jambo moja tu. Umeibiwa. Umekwenda kituoni, umetoa taarifa kaunta, umepewa namba ya RB. Kisha afande amekwambia, "Njoo kesho saa nne asubuhi, uonane na mpelelezi uandike maelezo." Unarudi nyumbani na kile kikaratasi mkononi. Nakuuliza: kati ya sasa hivi na kesho saa nne, unafanya nini?

Wengi wetu tunasimulia. Tunamsimulia jirani, shemeji, bodaboda aliyetupakia, na kila tukisimulia hadithi inanenepa kidogo. Mwizi mmoja anakuwa wawili, laki nne inakuwa "karibu laki sita", na yule ambaye hatukumwona usoni anaanza kupata sura. Kesho yake tunafika mbele ya mpelelezi na ile hadithi iliyonenepa, naye anaiandika. Hapo ndipo kesi nyingi zinapoharibikia, mwizi hata hajakamatwa.

Kwa hiyo leo tutazungumza juu ya mlalamikaji. Simzungumzii mtuhumiwa, huyo ana siku yake. Ni wewe uliyeumizwa. Utajiandaaje, utabeba nini, na zaidi ya yote, utaepukaje kukisia?

Ili tusiongee hewani, twende Feri. Mnapafahamu: upande mmoja pantoni la kwenda Kigamboni, upande wa pili soko la samaki. Alfajiri pale hapapitiki. Mnada umepamba moto, makuli wanapita na matenga kichwani wakipiga kelele wapishwe, sakafu imelowa, ndoo kila mahali. Sasa tuchukue mfano. Ni mfano tu nimeutunga, lakini mtakuta umefanana na mtu mnayemjua. Kuna dada mmoja mchuuzi wa ngisi. Amevuka na pantoni kutoka Kigamboni kabla hakujapambazuka, ana mkoba begani, ndani yake fedha na simu. Amenunua mzigo wa kwanza kwa dalali. Anageuka kutafuta mzigo wa pili, kuli mmoja anampiga kikumbo, anayumba, na akijiweka sawa mkoba haupo, begani umebaki mkanda uliokatwa. Anamwona kijana akikimbilia upande wa barabarani. Anapiga yowe. Watu wanakimbiza, hawampati.

Huyo dada ndiye tutakwenda naye mpaka mwisho.

Kwanza tuelewane kuhusu RB, maana inachanganya watu. RB ni kumbukumbu kwamba ulifika kituoni ukatoa taarifa, na kile kilichoandikwa kaunta huwa kifupi. Maelezo ni kitu kingine. Maelezo ni kauli yako kamili, inaandikwa kwa maneno yako, "mimi niliona, mimi nilifanya", na unaitia saini. Utaulizwa jina, umri, kazi, unakoishi, wakati mwingine hata kabila na dini, usishangae. Kisha utaulizwa nini kilitokea.

Sasa sikilizeni hili kwa makini. Sheria yetu ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamtaka askari aandike yote uliyosema, pamoja na maswali ya ufafanuzi aliyokuuliza na majibu uliyompa. Akimaliza, akuonyeshe au akusomee. Na wewe una uhuru wa kufafanua au kuongeza. Hiyo ni haki yako, si hisani.

Lakini sheria hiyohiyo ina upande mwingine. Shauri likifika mahakama ya hakimu, na wewe uliyetoa taarifa umetajwa kuwa shahidi, mshtakiwa hupewa nakala ya maelezo yako. Mmesikia? Mshtakiwa anapewa maelezo yako. Yule uliyemlalamikia, au wakili wake, anakaa nayo nyumbani, anayasoma mstari kwa mstari, anapiga kalamu. Siku ya kesi, pengine mwaka umepita, unasimama kizimbani unasema mkoba ulikuwa na laki nne na ishirini. Wakili anasimama taratibu: "Shahidi, polisi ulisema laki sita. Leo unasema laki nne na ishirini. Tukuamini lini?" Wewe hukusema uongo. Ulikisia tu. Lakini kwenye karatasi, kukisia na kudanganya havina alama ya kuvitofautisha.

Basi tumrudie dada yetu, jioni ile ameketi nyumbani Kigamboni. Ningekuwa jirani yake ningemwambia: usimsimulie mtu tena. Chukua kalamu na daftari. Andika juu kabisa tarehe ya leo na saa unayoandika, halafu andika ulichoona, kwa mpangilio kilivyotokea, kabla hujaongea na mwingine yeyote. Ukifika mahali hukumbuki, acha mstari mtupu, endelea. Ule mstari mtupu una thamani kubwa, nitaueleza.

Karatasi hiyo si ya kukariri. Mtu aliyekariri anajulikana, anaongea kama mtoto anayeimba shairi la shule, na ukimkatiza kwa swali anapotea. Karatasi ni ya kukukumbusha. Kesho mwambie mpelelezi wazi, "Afande, niliandika jana jioni nisisahau, naomba niiangalie nikikwama." Wapelelezi wengi watafurahi.

Sasa, kuna sehemu tatu ambapo watu hukisia karibu kila mara: saa, fedha, na sura. Tuzichukue moja baada ya nyingine.

Saa. Dada anaulizwa, "Ilikuwa saa ngapi?" Anajibu haraka, "Saa kumi na moja na nusu." Kwa nini na nusu? Hakuangalia saa. Amesema na nusu kwa sababu swali linadai jibu na kunyamaza kunatia aibu. Lakini kukosea saa pale Feri kuna maana kubwa. Saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri, mwezi wowote wa mwaka, Dar es Salaam bado ni giza. Saa kumi na mbili na nusu, watu wanaonana. Ukikosea saa, umekosea mwanga. Ukikosea mwanga, umetia shaka kama ulimwona mtu kweli.

Sasa dada afanyeje kama hakuangalia saa? Atafute kitu chenye saa yake. Alimlipa dalali kwa fedha taslimu, sawa, lakini kabla ya hapo alimtumia mwenzake ujumbe kwamba amefika sokoni. Ujumbe huo una saa, na uko kwenye simu ya mwenzake hata kama ya kwake imeibiwa. Baada ya wizi aliazima simu ya mpara samaki akampigia mumewe. Simu ya mume ina saa ya ile simu iliyoingia. Basi wizi umetokea katikati. Akimwambia mpelelezi, "Sikuangalia saa, lakini ilikuwa baada ya ujumbe huu na kabla ya simu hii," amesema kitu kinachoweza kuthibitishwa. Hakuna wakili wa kumtikisa hapo, maana hakudai zaidi ya anachojua.

Na angalizo dogo kuhusu saa zetu. Simu inaonyesha 05:10, sisi tunasema saa kumi na moja na dakika kumi. Nimeona karatasi mtu amesema kwa kinywa saa kumi na moja, imeandikwa 11:10 bila neno alfajiri. Mtu mwingine akisoma anaelewa karibu na adhuhuri. Kwa hiyo taja na wakati wake, alfajiri, asubuhi, jioni, na hakikisha neno hilo limeandikwa.

Tuje kwenye fedha. Hapa ndipo tunapopenda kukisia kuliko mahali pengine popote, na nadhani sababu tunaijua. Mtu anajisemea: nikisema kidogo hawatajali. Au: nitarudishiwa nusu, basi niongeze. Mbali na kwamba kutoa taarifa za uongo kwa askari ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, hesabu ya kuongeza inakuua mwenyewe. Kiasi unachotaja polisi ndicho kinachoingia kwenye hati ya mashtaka. Hati ikisema hiki na ushahidi wako mahakamani ukasema kile, upande wa utetezi wanashika hapohapo, na zipo kesi za wizi zilizoanguka kwa sababu hati na ushahidi havikukubaliana juu ya kilichoibiwa.

Dada yetu alisema kaunta "kama laki sita hivi". Hebu tukae naye tupige hesabu. Fedha zilitoka wapi? Laki tano alikopeshwa na kikoba chake Jumapili. Iko kwenye daftari la kikoba, na saini yake ipo. Laki moja aliitoa kwa wakala jana yake usiku. Ujumbe wa muamala ulikuja. Jumla laki sita. Kumbe ndiyo laki sita aliyoisema! Lakini kabla ya kuibiwa alifanya nini? Alimlipa dalali laki moja na elfu themanini ya mzigo wa kwanza. Kwa hiyo mkobani zilibaki laki nne na ishirini. Na vipi nauli ya pantoni, vipi chai? Hizo alilipa kwa chenji iliyokuwamo kwenye mkoba tangu juzi, nayo hajui ilikuwa kiasi gani.

Aseme nini basi? Aseme hivi: "Mkobani palikuwa na shilingi laki nne na elfu ishirini, nimezipata kwa hesabu hii. Palikuwa pia na chenji, kiasi chake sikijui." Aongeze: "Kaunta nilisema kama laki sita, nilitaja fedha nilizotoka nazo nyumbani bila kutoa nilizomlipa dalali." Mnaona? Tofauti kati ya RB na maelezo ameieleza mwenyewe siku ya kwanza, kabla hajaulizwa. Kutofautiana kuliko na maelezo hakuui kesi. Kinachoua ni kule kunakogunduliwa na wakili wa mwenzio.

Na kile kisehemu cha chenji, "kiasi chake sikijui", wengine wataniambia kinamfanya aonekane mzembe. Mimi nasema kinamfanya aaminike. Mtu anayekiri hajui chenji yake, akisema laki nne na ishirini unamsadiki.

Haya, la tatu, sura. Hili ndilo zito, na hapa nitakaa.

Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, na mpaka leo mawakili na mahakimu wanalitaja kila panapotokea ubishi wa nani alimwona nani. Mahakama ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu sana, usitegemewe mpaka uwezekano wote wa kukosea uondolewe. Na ikataja mambo ya kuangalia. Shahidi alimtazama mtuhumiwa kwa muda gani? Kwa umbali gani? Hali ilikuwaje, mchana au usiku, mwanga mzuri au hafifu? Na je, alimfahamu au alishawahi kumwona kabla? Kesi zilizofuata zimeendelea kudai hata chanzo cha mwanga na ukali wake.

Sasa mwambie dada ajibu. Muda gani? "Nilimwona akikimbia." Kwa muda gani? Pengine sekunde chache. Umbali? Mwanzoni hatua mbili tatu, kisha akipotea kwenye watu. Mwanga? Taa ya soko juu ya meza za mnada, na yeye alikuwa akiipa mgongo. Uso wake uliuona? Hapo anyamaze kidogo, afikiri. Ukweli ni kwamba aliona upande wa uso, na mgongo. Kumfahamu kabla? Hapana.

Kama hivyo ndivyo, maelezo yake yaandikwe hivyo: kijana, mwembamba, mrefu kunizidi, amevaa nguo nyekundu juu, nilimwona ubavuni kwa muda mfupi, sura yake kamili sikuiona vizuri. Ni machungu kuyasema hayo ukiwa umeibiwa, najua. Lakini ukisema "nilimwona vizuri sana, hata leo namjua", unaulizwa ulimwonaje, na taa ilikuwa nyuma yake.

Na hiyo nguo nyekundu. Kaunta, dada alisema "amevaa jezi ya Simba". Mpenzi msikilizaji, aliona nyekundu. Nembo hakuiona, maandishi hakuyaona. Jiji hili, nyekundu ikipita haraka ubongo unaivisha jezi ya Simba wenyewe, kama ambavyo kijani na njano ungeiita Yanga. Siku kijana akikamatwa na fulana nyekundu isiyo na jina la timu yoyote, maelezo yanasema jezi ya Simba, na mtetezi atauliza: ni huyu kweli? Sema ulichoona: nyekundu. Ukiulizwa, "Jezi?" jibu, "Sijui kama ni jezi. Rangi nina hakika."

Hapo mnaona kanuni ninayoitaka. Kila sentensi yako iwe na mlango wake: niliona, niliambiwa, au nadhani. Dada akisema "huyo kijana anashinda pale kwa wakaanga samaki", nitamuuliza, umejuaje? "Watu wanasema." Nani? "Yule mpara samaki aliyeniazima simu." Basi amwambie mpelelezi: "Mpara samaki fulani ndiye aliyeniambia, na namba yake hii hapa." Askari atamfuata mpara samaki aandike maelezo yake mwenyewe. Ushahidi umeongezeka. Lakini dada akibeba maneno ya mpara samaki ayafanye yake, mahakamani atakwama kwenye swali la pili.

Upande wa pili wa jambo hili: kama kweli unamfahamu, mtaje siku hiyohiyo ya kwanza. Mahakama ya Rufani ilisema katika shauri la Marwa Wangiti Mwita na mwenzake kwamba shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo ni uthibitisho muhimu wa kuaminika kwake, na kuchelewa bila sababu kunapaswa kuifanya mahakama yenye busara iulize maswali. Kwa hiyo usifiche jina kwa kuogopa, ukalileta baada ya wiki tatu. Hulijui jina? Taja jina la utani, anaposhinda, kazi anayofanya, chochote kilichokufanya umjue. Unaogopa usalama wako? Mwambie mpelelezi hivyo pia, iandikwe.

Na tafadhali, tafadhali, picha za kwenye simu. Mkoba ukiibwa Feri saa kumi na moja, saa tatu tayari kuna picha kwenye makundi ya WhatsApp: "Dada, si huyu?" Usiangalie. Najua ni vigumu. Polisi wakimkamata mtu unayesema humjui, wanaweza kufanya gwaride la utambulisho. Wanampanga mtuhumiwa pamoja na watu wengine wanaofanana naye umri, kimo na mwonekano, kisha unaitwa uone kama yupo uliyemwona. Anaweza kuwapo, anaweza asiwepo. Gwaride lina maana tu kama ulishatoa wasifu wake kabla, na kama hujaonyeshwa mtu huyo. Ukishaona picha yake mara kumi, siku ya gwaride utaitambua picha. Na kama umeshaiona, basi sema: "Nilionyeshwa picha, na fulani, siku fulani." Tena kwenye gwaride, kama humwoni, jibu ni moja: simwoni. Hakuna zawadi ya kumgusa mtu ili afande asisikitike.

Tupumue kidogo. Tumeona saa, fedha, sura. Sasa utabeba nini?

Beba kitambulisho, cha Taifa ukiwa nacho, au namba yako ya NIDA. Beba karatasi ya RB. Beba ile karatasi yako ya jana jioni. Dada yetu abebe pia daftari la kikoba, na ule mkanda uliokatwa. Ndiyo, mkanda! Asiushone, asiuoshe, auweke kwenye bahasha. Mkanda uliokatwa kwa kitu chenye makali unasimulia tofauti na mkanda uliokatika kwa uchakavu. Kama alianguka akaumia, kuna fomu namba 3 ya polisi, PF3, inachukuliwa kituoni na kujazwa na daktari. Asisubiri kidonda kipone ndipo aiulize.

Kwa simu iliyoibiwa, abebe boksi lake na risiti. Kwenye boksi kuna namba ya IMEI, tarakimu 15, na hiyo ndiyo inayoitofautisha simu yako na nyingine zote zinazofanana nayo pale Kariakoo. Hebu wewe unayenisikiliza, simu yako ungali nayo. Bonyeza `*#06#` sasa hivi, namba itatokea, iandike mahali pasipo kwenye simu. Fanya hivyo kabla sijaendelea.

Ujumbe wa miamala usiufute. Kama simu iliyo na ujumbe ungali nayo, nenda nayo yenyewe, ikiwa na chaji. Usiandike upya ujumbe kwa mkono wala usiupunguze ukautuma. Chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ushahidi wa kielektroniki unapokelewa mahakamani, lakini mahakama inaangalia jinsi ulivyotunzwa. Ujumbe ulio kwenye simu ulikoingia una nguvu kuliko picha iliyopita kwa watu wanne. Na mpelelezi akitaka kubaki na kitu chako, daftari, boksi au simu, omba karatasi ya makabidhiano yenye saini na tarehe. Si kwamba humwamini. Kesho anaweza kuhamishwa kituo, na daftari la kikoba lina fedha za watu thelathini.

Umefika sasa. Iwe Kituo Kikuu, iwe Msimbazi, chumba ni kilekile: meza, faili, afande mmoja na watu wengi wanaosubiri. Ana haraka. Atakuuliza, "Kwa hiyo ilikuwa saa kumi na moja na nusu?" Ni rahisi kuitikia "ndiyo afande". Vuta pumzi. "Afande, sikuangalia saa, naomba iandikwe hivyo." Atauliza, "Umbali gani, mita tano, kumi?" Kama mita zinakushinda, onyesha: "Kama kutoka hapa mpaka mlango ule." Yeye atapima. Ule mstari mtupu kwenye karatasi yako ndio unaokulinda hapa; ulishaamua jana, ukiwa umetulia, kwamba hili hulijui.

Heshima, ndiyo. Woga, hapana. Mtu anaweza kusema "sikumbuki" kwa adabu zote.

Akimaliza kuandika, soma. Soma yote, ukurasa kwa ukurasa, hata kama mwandiko unakupa shida. Umesahau miwani? Hukusoma shule? Mwombe akusomee taratibu, ni wajibu wake. Kiswahili hakikai vizuri kichwani? Sema mapema, upatiwe mtu wa kutafsiri. Ukikuta kosa, likatwe kwa mstari mmoja, liendelee kusomeka, neno sahihi liandikwe juu yake, utie saini ndogo pembeni. Pakiwa na nafasi tupu katikati ya karatasi, ipigwe mstari. Ndipo utie saini, au dole gumba. Usisaini kwa ahadi ya "tutarekebisha baadaye".

Na ukikumbuka kitu ukiwa tayari kwenye pantoni unarudi? Usijilaumu. Rudi, au mpigie mpelelezi, uombe kuandika maelezo ya nyongeza. Tarehe yake itakuwa ya siku hiyo, nawe utaeleza kwa nini umekumbuka sasa. Kwa hiyo usitoke pale bila jina la mpelelezi na namba ya kumpata. Kuandika maelezo hakulipiwi. Anayekudai chochote ili akuandikie, namba ya TAKUKURU ni 113, haina gharama.

Jambo la mwisho kwa leo, muda unaniishia. Siku moja utapigiwa simu: "Mkoba wako umepatikana, njoo uutambue." Utakimbia, na ukifika utaona mkoba mezani, utapaza sauti, "Ndiyo wangu!" Subiri. Mahakama zetu zinataka mwenye mali ataje alama zake kabla hajaonyeshwa, maana mikoba ya aina hiyo ipo mamia Kariakoo. Geukia pembeni, mwambie afande: "Kabla sijauangalia, andika kwanza. Zipu ya ndani imekufa, nimeitia pini. Chini kuna doa la wino. Mfuko wa kushoto nimeushona kwa uzi mweusi." Akishaandika, ndipo uutazame. Na kama zipu ni nzima na doa halipo, mwambie si wangu, urudi nyumbani.